Matunzo ya Watoto Baada ya Kuachana: Maneno Yaliyosemwa Silibwet kwa Wanachama



Nimeombwa niseme juu ya jambo linalotusumbua sisi tunaofanya kazi mbali na nyumbani, yaani watoto wanapobaki katikati baada ya baba na mama kuachana. Mimi ni mtu wa reli, si wakili. Lakini jambo hili nimeliona kwa wenzangu wengi huko Nakuru, na nimeona mapatano gani hudumu na gani huvunjika kabla ya mwezi wa tatu.

Kwanza tuelewane juu ya sheria, kwa sababu wengi bado wanasema mambo ya zamani. Kwa mila yetu Wakipsigis, watoto walihesabiwa kuwa wa yule aliyetoa ng'ombe za mahari. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inafuata neno hilo hilo. Basi mwanamume hawezi kusema, "Sikutoa mahari, mtoto si shauri langu." Wala mama hawezi kusema, "Sitaki pesa zako, na mtoto usimwone." Matunzo ni haki ya mtoto mwenyewe, na wazazi hawawezi kuyauza wala kusameheana.

Sheria haikutaja kiasi cha pesa. Nimesikia watu wakidai kwamba ni theluthi ya mshahara, au nusu. Hakuna kiasi kama hicho. Kinachotazamwa ni mahitaji ya mtoto na uwezo wa wazazi wote wawili. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hesabu, na ugomvi wa nani alimkosea nani uwekwe kando siku hiyo.

Nitawapa mfano. Tuseme baba ni fundi wa njia ya reli Nakuru, na mama anachuma chai hapa Silibwet. Watoto ni wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine miaka 4, nao wanakaa na mama. Wakikaa chini wanaona ya kuwa chakula cha watoto ni Sh. 7,000 kwa mwezi, sehemu yao ya kodi ya nyumba Sh. 1,500, sabuni na mafuta Sh. 1,500, na mambo madogo ya shule Sh. 2,000. Jumla ni Sh. 12,000. Baba anapeleka nyumbani Sh. 22,000 baada ya makato, na mama Sh. 11,000. Pato la baba ni mara mbili ya la mama, basi baba atoe Sh. 8,000 na mama Sh. 4,000. Sare za shule na gharama za hospitali zigawanywe vivyo hivyo, mafungu mawili kwa baba na fungu moja kwa mama. Na baba awaandikishe watoto chini ya jina lake katika bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, maana makato hayo anakatwa tayari.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo mapatano mengi hufia. Baba anaahidi Sh. 8,000 mbele ya wazee, na hakuna mtu aliyeitazama karatasi yake ya mshahara. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inasema jumla ya makato isizidi theluthi mbili za mshahara. Katika mfano wetu mshahara wote ni Sh. 36,000, na makato ya sasa ni Sh. 14,000. Theluthi mbili ni Sh. 24,000. Kwa hiyo bado kuna nafasi ya Sh. 10,000, na zile Sh. 8,000 zinaingia. Lakini kama ndugu huyu alikuwa na mkopo wa chama cha akiba, na makato yamefika Sh. 22,000, nafasi iliyobaki ni Sh. 2,000 tu. Ahadi yake ni hewa, hata kama ana moyo mzuri. Hapo afadhali waandike kiasi kidogo kwa sasa, na kiongezwe mwezi ule mkopo utakapokwisha, na mwezi huo utajwe kwa jina.

Nimetaja makato kwa sababu sheria hiyo inamruhusu mfanyakazi kumwandikia mwajiri barua, kwamba akatwe kiasi fulani na kipelekwe kwa mtu mwingine. Ni njia nzuri kuliko kungoja mtu akumbuke mwisho wa mwezi. Asiyeitaka atume kwa M-Pesa, na wote wawili waweke ujumbe wa simu. Lakini pesa za mkononi zinazopitia kwa nyanya, au kwa shemeji anayesafiri, zimeleta matata mengi, kwa sababu mmoja anasema zimetumwa na mwingine anasema hazikufika, na wote wawili huenda wanasema kweli.

Jambo la kuonana na watoto nalo liandikwe peke yake. Msilifunge pamoja na pesa. Pesa zikichelewa mama asimfungie mtoto ndani, na mtoto asipoletwa baba asizuie pesa. Sisi wa reli hatuwezi kuahidi kila Jumamosi, kwa sababu ya zamu. Andikeni hivi: baba atamwarifu mama siku 7 mbele, na watoto watakaa naye nusu ya likizo ya Aprili, ya Agosti na ya mwisho wa mwaka. Tena mtaje nani atalipa nauli ya Nakuru. Ni neno dogo, lakini nimeona likiwagombanisha watu kuliko ada.

Mtakutana wapi? Wazee wa kokwet wanafaa sana kutuliza hasira, na Katiba yenyewe, kifungu cha 159, inakubali njia za wazee mradi haki isivunjwe. Baada ya hapo nendeni pamoja kwa Afisa wa Watoto wa wilaya ndogo, Bomet. Yeye atawasikiliza, ataandika mapatano, nanyi mtatia sahihi mbele yake, na kila mmoja apewe nakala. Andikeni pia kwamba mtayatazama tena kila Januari, na kwamba baba akiachishwa kazi atasema katika siku 14 ili kiasi kipunguzwe, si kufutwa.

Lakini jueni mpaka wa karatasi hiyo. Afisa hawezi kukamata mshahara wa mtu. Na ile barua ya makato, mfanyakazi aliyeiandika anaweza kuiondoa kesho. Kama mnaogopa hivyo, pelekeni mapatano yenu katika Mahakama ya Watoto pale Bomet, myaombe yaandikwe kuwa amri kwa ridhaa yenu wote. Hiyo si kushtakiana. Hakuna mashahidi wa kugombana, hakimu anatazama tu kama mtoto ametendewa vema. Tangu siku hiyo karatasi ina nguvu ya amri ya mahakama, na anayeivunja ana la kujibu.

Yako mambo yasiyopatanishwa na wazee wala na chama. Kama mama anapigwa, au mtoto ameguswa vibaya, msikae kikao. Pigeni simu 116, hailipishwi, au nendeni polisi siku ile ile.

Wenye kutaka kuhesabu walete karatasi ya mshahara na ya malipo ya majani Jumapili baada ya ibada. Tutakaa hapa hapa nje na kalamu. Afadhali waje wote wawili, baba na mama.