Ng'ombe Akifa Ghafla, Usishike Kisu

Ng'ombe aliyelala mzima anakutwa asubuhi amekufa. Tumbo limevimba upesi, mwili haujakakamaa, na damu nyeusi isiyoganda inamtoka puani na mkunduni. Hizo ni dalili za kimeta.

Wengi hukimbilia kumchuna ili wasipate hasara yote. Hapo ndipo hatari inapoanza. Mzoga ukipasuliwa, vimelea vikikutana na hewa hujivika ganda gumu, na huweza kuishi udongoni miaka mingi. Kuchemsha nyama kwa kawaida hakuhakikishi kuwa vitakufa. Mchunaji huota kidonda kisichouma chenye kigaga cheusi katikati. Mlaji huumwa tumbo, hutapika na kuharisha damu, na anaweza kufa.

Kwa hiyo usimchune, usimle, usimuuze. Zuia mbwa na watoto, mwite afisa mifugo asimamie kumchoma au kumfukia kwenye shimo la mita 2, kisha mifugo iliyobaki ichanjwe. Kama umeshaishika au kuila nyama hiyo, nenda kituo cha afya leo na useme ukweli: dawa zipo, na huponya zikiwahiwa.