Sufuria ya Shughuli: Pima Ndani Kabla ya Kulipa



Anayeandaa arusi au hitima huulizia sokoni sufuria ya kutosha watu mia moja na thelathini. Muuzaji huitandaza kanda ya kupimia juu ya mdomo wa sufuria, kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, kisha hutaja lita. Hapo ndipo mnunuzi hupunjika, pengine pasipo mtu kukusudia hila.

Tuchukue mfano. Kwa nje, sufuria ina upana wa sentimita 54 na kimo cha 32. Kwa ndani, tukiuacha ukingo uliopinda, upana ni 50 na kimo ni 30. Ili kupata lita, tunazidisha upana kwa upana, kisha kwa kimo, kisha kwa 0.785, na jibu tunaligawa kwa 1,000. Vipimo vya nje hutoa lita 73. Vipimo vya ndani hutoa lita 59. Tofauti ni kubwa kwa sababu upana huhesabiwa mara mbili, hivyo kosa dogo la upana huongezeka.

Sasa tuipeleke sufuria hiyo jikoni. Kilo moja ya mchele, ikiisha kuiva pilau, huchukua takriban lita tatu na nusu. Tukimpangia kila mgeni gramu 100 za mchele mkavu, wageni 130 watahitaji kilo 13, yaani lita 45 na ushei. Nyama na viazi huongeza kama lita 9. Jumla inakaribia lita 55. Robo ya sufuria sharti ibaki tupu, ili mchemko usifurike na mwiko upate nafasi ya kugeuza.

Robo tatu za lita 73 ni 55, kwa hiyo aliyeamini kipimo cha nje huona mambo yametimia. Kumbe ndani mna lita 59 tu. Pilau itafika sentimita mbili chini ya mdomo, haitageuzika, na chini itaungua ilhali juu mchele ungali na kiini. Sufuria hiyo inafaa kilo 10, yaani wageni 100. Waliosalia wapikiwe katika sufuria ya pili.

Hesabu hii hudhania kwamba pande zimesimama wima na kitako ni bapa. Sufuria yenye kitako cha mviringo hupungukiwa zaidi. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, tunashauri uombe maji na ndoo ambayo alama yake ya lita 20 umeihakikisha kwa chupa ya lita moja. Sufuria ya lita 73 humeza ndoo tatu na nusu na bado haijajaa. Hii yetu itafurika kabla ndoo ya tatu haijaisha.