Mwanachama Mpya Anapoomba Kuaminiwa Fedha
Mada iliyotolewa kwa vikundi vya kuweka na kukopa



Mwanachama mpya anaposimama mbele ya kikundi, mara nyingi hutaja jina lake, kitongoji chake na kuahidi uaminifu. Maneno hayo hayatoshi, kwa kuwa ahadi haiwezi kukaguliwa. Kinachokaguliwa ni kipato, madeni na wadhamini.

Chukulieni mfano wa mama muuza mboga anayejiunga na kikundi ambacho hisa moja ni shilingi 2,000. Anajitambulisha hivi: anauza sokoni siku sita kwa wiki, faida yake ni takribani shilingi 4,000 kwa siku, na atanunua hisa tatu kila wiki. Anaongeza kwamba bado anadaiwa shilingi 30,000 na kikundi kingine, naye anaonyesha daftari lake. Asimlaumu mtu kwa deni hilo. Deni lililotajwa hupangiwa namna ya kulipwa. La kuogopwa ni lile linalofichwa, kwa sababu mkopo mpya huishia kulipa wa zamani.

Baada ya wiki 12 bila kukosa, deni la kule limekwisha na akiba yake ni shilingi 72,000. Katiba ya kikundi inaruhusu mkopo hadi mara tatu ya akiba, yaani shilingi 216,000. Mama anaomba 150,000 kwa miezi mitatu, kwa riba ya asilimia 10 kwa muda wote. Je, apewe?

Hapo ndipo utambulisho wake unapofanya kazi. Marejesho yangekuwa shilingi 55,000 kwa mwezi, karibu 13,750 kwa wiki. Faida yake ya wiki ni 24,000. Akitoa hisa za 6,000 na rejesho hilo, nyumbani zinabaki 4,250 tu. Mtoto akiugua, rejesho litakwama. Akikopa 90,000, rejesho linashuka hadi 8,250 kwa wiki, na nyumbani zinabaki 9,750.

Wadhamini nao wahesabu. Katika mkopo wa 150,000, shilingi 78,000 za mtaji hazijafunikwa na akiba ya mkopaji. Wadhamini wawili wangebeba 39,000 kila mmoja. Katika mkopo wa 90,000, kila mmoja anabeba 9,000. Mdhamini aelezwe kiasi hicho kabla ya kutia sahihi, wala si siku ya kudaiwa.

Dalili za hatari huonekana mapema: hisa zinapungua ghafla, mkopaji anamtuma mtu badala ya kufika mwenyewe, au anaomba mkopo mpya siku ileile anayomaliza wa zamani. Katibu azisome dalili hizo kwenye daftari kila mkutano, mbele ya wote, kabla sanduku halijafungwa kwa kufuli zake tatu.