Saa ya Nyanya na Kazi Isiyotaka Kukatizwa
(Mazungumzo kwa watumishi wa umma na wananchi wa Bukoba na Muleba, Mkoa wa Kagera)



Nimetakiwa kueleza utaratibu wa kugawa muda wa kazi uitwao Pomodoro, ambao siku hizi unatajwa sana katika mafunzo ya kazini. Neno hilo ni la Kitaliani, na maana yake ni nyanya, au tungule kama tusemavyo sisi wa visiwani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Italia, alishindwa kutuliza akili yake katika masomo. Alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya, akaitega, akajilazimisha kusoma hadi ilie.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtu huchagua kazi moja, hutega saa kwa dakika 25, na hafanyi jambo jingine mpaka kengele ilie. Hapo hupumzika dakika 5. Baada ya vipindi 4 hupumzika kwa muda mrefu zaidi, dakika 15 hadi 30. Likimjia wazo jingine katikati, huliandika pembeni na kuendelea. Akilazimika kuiacha kazi, kipindi hicho hakihesabiwi, kwani hakuna nusu ya kipindi.

Tuchukue mfano wa karani wa chama cha msingi cha ushirika, huko Muleba, aliye na stakabadhi 300 za wakulima waliouza kahawa ya maganda. Kazi yake ya kwanza ni kuzinakili daftarini. Ikiwa ananakili 50 kwa dakika 25, atazimaliza kwa vipindi 6, na pamoja na mapumziko hazitapita saa 3 na nusu. Hapa saa ya nyanya inamfaa kwelikweli. Kila stakabadhi inajitegemea. Akisimama baada ya ya 50, anaanza na ya 51 bila ya kupoteza kitu. Tena mapumziko yanamkinga na uchovu wa macho, ambao ndio unaozaa makosa ya kunakili.

Kazi ya pili ni kusawazisha. Tuseme jumla ya stakabadhi ni kilo 12,640, na jumla ya daftari ni kilo 12,613. Pana pengo la kilo 27. Makarani wazoefu wanajua kwamba pengo linalogawanyika kwa 9 bila ya baki mara nyingi hutokana na tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Tena 27 ukigawa kwa 9 hupata 3. Basi hutafutwa tarakimu mbili jirani zinazopishana kwa 3, kama vile 85 iliyoandikwa 58. Hiyo ni dalili tu, si uthibitisho, kwa kuwa makosa mawili tofauti yanaweza nayo kujumlika kuwa 27.

Karani huyu sasa amebeba kichwani kurasa alizokwisha kuzikagua, namba anazozishuku na sababu ya kuzishuku. Kengele ikilia wakati huo, haimpumzishi, bali inamwangushia mzigo. Akirudi, itambidi arejee nyuma. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionesha kwamba mtu anapohama kutoka kazi isiyokwisha, sehemu ya fikra zake hubaki huko alikotoka. Kwa hiyo anayetumia mapumziko kujibu barua au simu hurudi na akili iliyogawanyika.

Dalili ya kipindi kisichofaa ni rahisi kuitambua. Tazama unatumia dakika ngapi kurejea pale ulipokuwa. Zikiwa 2, hakuna neno. Zikiwa 10, umepoteza sehemu 2 kwa 5 za kila kipindi, na afadhali kurefusha muda hadi dakika 50 au 90. Katika kazi hiyo, kengele iwe ukumbusho, si amri: komea mwisho wa ukurasa au wa hoja. Kabla ya kuinuka, andika mstari mmoja: "Nimefika stakabadhi ya 140, inayofuata kukaguliwa ni safu ya kilo." Mstari huo utakurudisha upesi.

Upo mpaka mwingine. Karani huyo huyo, akiwa kwenye mizani msimu wa mavuno, hawezi kumwambia mkulima aliyeshusha gunia angoje kengele. Kazi ya kupokea watu haina saa ya nyanya. Kwa sababu hiyo, mkuu wa kituo anayetaka hesabu sahihi hana budi kumwondoa karani mizanini kwa saa 2, amweke mwingine mahali pake. Asipofanya hivyo, zile kilo 27 zitabaki bila ya mwenyewe, na mkulima aliyeandikiwa 58 badala ya 85 atalipwa pungufu.