Kumi kwa mia kila juma: tufanye hesabu pamoja



Leo hatukuja na makaratasi. Tumekuja na kalkuleta ya telefone, na nyinyi fungueni zenu. Juu siku hizi hapa Bukavu karibu kila avenue iko na mtu mwenye kuita wenzake: "Weka dola 100, kila juma unapata dola 10, na dola 100 yako inabaki palepale." Hatutaanza kwa kutafuta nani mwizi na nani mkweli. Tutatazama namba yenyewe tu, kumi kwa mia kila juma.

Andikeni 100, mupige mara 1.1. Inatoka 110. Mupige tena mara 1.1, inatoka 121. Ile dola moja ya mwisho njo siri yote: juma la pili faida haikuja juu ya mia tu, imekuja pia juu ya faida ya juma la kwanza. Endeleeni bila kutoa kitu. Majuma manane, uko na dola 214, maana yake makuta yamezidi mara mbili. Majuma 52, mwaka mmoja, uko na dola 14,204. Ukivumilia mwaka wa pili, unapita dola milioni mbili. Kwa mia moja tu! Kama kazi hiyo ingekuwepo kweli, mwenye kuijua angeuza pikipiki yake, aweke makuta yake peke yake, na nyuma ya miaka miwili hangehitaji dola 100 ya mwanafunzi.

Tunajua mutatujibu nini. Mama muuza nyanya wa soko ya Kadutu ananunua kitunga dola 20, anauza dola 22, ni kumi kwa mia, na pengine ni kwa siku moja. Ndiyo, ni kweli, na jibu lile ni zuri. Lakini mumupe mama huyo dola 14,000 anunue vitunga 700. Nani atazikula? Zitaozea mkononi mwake. Faida yake inatoka kwa jasho lake na kwa idadi ya watu wenye kupika jioni ile, na yote mawili yako na mwisho. Faida anakula nyumbani, analipa shule, kesho anaanza tena na dola 20. Kumi kwa mia inawezekana juu ya makuta kidogo na kazi nyingi. Lakini haiwezekani faida izae faida bila kusimama, na wewe umelala.

Sasa, kama haitoki kwa biashara, ile dola 10 unayopokea inatoka wapi? Tufungue kaye ya mwenye kikundi. Watu 100 wameweka dola 100 kila mmoja, sanduku iko na dola 10,000. Kila juma analipa watu mia mara dola kumi, ni dola 1,000. Kama hakuna mtu mpya, sanduku inaisha juma la kumi. Tazameni vizuri: siku ile kila mtu amepokea dola 100, yaani makuta yake mwenyewe, vipande vipande. Hakuna aliyepata faida hata santi. Lakini majuma yote kumi watu wamecheza na kupiga picha, wakisema "inalipa!"

Kwa hiyo anahitaji watu wapya. Ili sanduku isipungue, dola 1,000 ya juma la kwanza lazima iletwe na watu wapya kumi. Lakini hao kumi pia wanataka dola kumi zao juma lijalo. Sasa wako 110, wanahitaji 11 wapya. Ni hesabu ileile ya kalkuleta, safari hii ni watu wanaozidi. Nyuma ya mwaka mmoja lazima wawe 14,204. Nyuma ya miaka miwili wamepita milioni mbili, na Bukavu yote, pamoja na watoto wa mgongoni, haitoshi. Juma la 145, mbele hata ya kufikisha miaka mitatu, wanapita milioni mia moja. Hapo tumeishamaliza karibu Kongo yote, kutoka Matadi mpaka Bunia.

Haifiki huko, bila shaka. Inavunjika mbele, na inavunjika ghafla. Turudi kwa juma la 52. Mwenye kikundi anadaiwa dola 142,040 ya kulipa juma lile moja. Ndani ya sanduku, hata kama hajagusa kitu (na amegusa!), kuna dola 10,000 zilezile za mwanzo, juu kila kilichoingia kimetoka. Watu wapya wakikosa juma moja tu, hizo 10,000 hazifikishi malipo ya siku moja. Njo maana Ijumaa watu wanapokea bila shida, na Jumatatu namba haiite tena.

Na nani anapoteza? Ili urudishe mia yako unahitaji malipo kumi. Juma la 52, wenye kuwa ndani tangu juma la 42 au mbele ni 5,476. Wengine wote, 8,728, wameingia majuma kumi ya mwisho na hawajarudisha yao. Ni watu 61 juu ya mia. Inatokea hivyo juu umati mkubwa siku zote unaingia mwishoni, wakati habari imeenea. Rafiki yako aliyelipwa hakudanganyi. Alilipwa kweli, na pengine ni mia yako iliyomlipa.

Likelemba ya mama zetu haiko hivyo. Watu kumi, dola kumi kumi, kila mwezi mmoja anachukua mia. Kilichoingia njo kinatoka, hakuna anayeahidiwa zaidi.

Mchezo huu si mpya. Boston, 1920, Charles Ponzi aliahidi hamsini kwa mia kwa siku 45, na akaanguka mwaka uleule. Kumi kwa mia kila juma, ukiacha ikae, inapita sabini na saba kwa mia kwa siku 42. Wanatuahidi zaidi ya Ponzi! Na wazee wa Kinshasa mukiwauliza juu ya Bindo Promotion, iliyoanguka 1991, watawaeleza.

Kwa wale walio ndani tayari. Wakikuambia "usitoe, acha izae," jua kwamba makuta usiyotoa ni makuta wasiyolipa, namba ya ekra haiwagharimu kitu. Wakipandisha zawadi ya kuleta mtu, ni kwamba watu wapya wanapungua: juma lile la 53 lingehitaji 1,420. Omba mtaji wako wote juma hili, si faida peke yake. Wakikuambia ulipe kwanza dola 20 "ya kufungua konti," usilipe, ile 20 pia haitarudi. Linda kila ujumbe wa telefone unaoonyesha ulituma kiasi gani, siku gani, kwa namba gani, na ubebe kopi yake kwa Parke pamoja na wenzako. Na usimwite mdogo wako aingie ili wewe utoke.