Kukomiti kwa Pamoja: Muamala Upi Usubiri Diski?

Mkiona PostgreSQL inazidiwa na kazi ya kuandika ilhali prosesa imekaa tu, mara nyingi kinachosubiriwa ni `fsync`. Kwenye kila `COMMIT`, seva huandika habari za muamala katika daftari lake, WAL, kisha huhakikisha maandishi hayo yametua diskini. Mteja hajibiwi mpaka hapo. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mteja mmoja anayekomiti muamala baada ya muamala hukwama karibu na idadi hiyo, hata ukimnunulia prosesa mpya.

Nafuu ya kwanza ni ya bure. Wateja wengi wakikomiti kwa wakati mmoja, `fsync` moja hubeba maandishi ya wote, kama pantoni ya Kigamboni isivyovusha abiria mmojammoja. PostgreSQL hufanya hivyo yenyewe. Ila mwenye mteja mmoja hapati kitu hapa.

Nafuu ya pili ina bei yake. Tuseme kampuni ya mabasi inaweka malipo ya tiketi na taarifa za mahali basi lilipo katika hifadhidata moja. Taarifa za mahali ni nyingi mno, na nyingine inakuja baada ya sekunde chache. Hizo tunaziandika hivi:

```sql
BEGIN;
SET LOCAL synchronous_commit TO off;
INSERT INTO mahali (basi, lat, lon, saa)
VALUES (17, -6.82, 39.28, now());
COMMIT;
```

Jibu hurudi papo hapo. WAL husukumwa diskini baadaye, kwa kawaida kila milisekunde 200. Seva ikianguka, huenda ukapoteza hadi mara tatu ya muda huo, yaani milisekunde 600 za mwisho. Miamala iliyopotea huwa kama haikukomitiwa kabisa, na majedwali hubaki salama. Malipo tunayaacha yasubiri, maana abiria akishatumiwa ujumbe wa tiketi huwezi kumwambia haikuandikwa. Tena WAL huandikwa kwa mfuatano, kwa hiyo kila lipo likitua diskini, taarifa za mahali zilizolitangulia kwenye daftari hutua nalo.

Wengi huchanganya haya na `fsync = off`. Hilo ni jambo jingine kabisa. Umeme ukikatika, kurasa za data zinaweza kuwa zimefika diskini kabla ya WAL yake, na hifadhidata nzima ikaharibika. Kinachobaki ni nakala ya akiba. Mimi naikubali `fsync = off` pale tu unapopakia data unayoweza kuipakia upya.

Kabla ya kugusa chochote, endesheni `pg_test_fsync` kwenye diski yenyewe. Diski ya kuzunguka ikidai maelfu ya `fsync` kwa sekunde, basi ama kidhibiti chake kina kumbukumbu yenye betri, ama diski inasema imeandika ilhali bado. Ikiwa ni hilo la pili, hata malipo yenu yaliyosubiri hayako salama.