Kila Hatua na Msemo Wake
Maneno tuliyoyatoa mbele ya wakimbiaji wa vijiji vya mpakani

Tunawashukuru ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka walioamka alfajiri ili wafike kwa wakati. Tumeombwa tuzungumze juu ya mbio za kilomita 10 mnazojiandalia, na hasa juu ya maneno ambayo mkimbiaji hujiambia moyoni akiwa njiani.

Kila mkimbiaji hujisemea jambo, hata asipojua. Mmoja husema, "Nimechoka, niache." Mwingine husema, "Mti ule pale, nifike kwanza." Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walichapisha jaribio walilowafanyia watu 24. Waliwaendesha baiskeli isiyosogea, kwa uzito uleule, mpaka kila mmoja akashindwa kuendelea. Kisha nusu yao walifundishwa kwa wiki mbili kuchagua maneno machache ya kujipa moyo, mengine ya mwanzo na katikati ya kazi, mengine ya mwisho. Jaribio liliporudiwa, waliofundishwa walidumu kwa muda uliozidi wa awali kwa takriban asilimia 18; wenzao hawakupata nyongeza ya maana. Tunaomba mzingatie kwamba maneno yale yaligawanywa kwa hatua. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza leo: msemo unaofaa mwishoni unaweza kumwangusha mkimbiaji akiutumia mwanzoni.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Msemo wake ni "Kawia ufike." Mkimbiaji aliyepumzika vizuri, akizungukwa na watu wanaoshangilia, hudanganywa na miguu yake. Katika dakika za kwanza pumzi bado haijadai deni lake, na kasi isiyo yake humwonekea nyepesi. Deni hilo hudaiwa baadaye, na hulipwa kwa riba.

Tuchukue mfano wa mtu awezaye kumaliza kilomita 10 kwa dakika 60, yaani dakika 6 kwa kila kilomita. Akiikimbia kilomita ya kwanza kwa dakika 5 na sekunde 30, atajiona amepata faida ya sekunde 30. Lakini kilomita tatu za mwisho huenda zikamchukua dakika 6 na sekunde 30 kila moja, na hapo atakuwa amepoteza sekunde 90 kwa kutafuta 30. Afadhali azikimbie kilomita mbili za kwanza kwa dakika 6 na sekunde 10 kila moja, sita zinazofuata kwa dakika 6 kamili, na mbili za mwisho kwa dakika 5 na sekunde 50. Jumla itakuwa dakika 60 zilezile, naye atafika akiwapita wengine badala ya kupitwa.

Asiye na saa atajipimaje? Katika kilomita mbili za kwanza, aseme sentensi nzima kwa jirani yake. Ikikatika katikati kwa kukosa pumzi, amekwenda mbio mno, naye airudie "Kawia ufike" mpaka pumzi itulie.

Wapo watakaosema kwamba onyo hili ni la wanafunzi tu. Tuwakumbushe jambo lililotokea Kampala mwezi Machi mwaka 2017, katika mbio za nyika za dunia. Joshua Cheptegei, mwana wa Sebei katika miteremko ya Mlima Elgon na askari wa Polisi ya Uganda, alikuwa mbele ya dunia nzima, kwao, umati ukimwita jina. Katika mzunguko wa mwisho nguvu zilimwishia machoni pa watu wote, akamaliza wa 30, na ushindi ukaenda kwa Geoffrey Kamworor wa Kenya. Mwaka 2019, huko Aarhus nchini Denmark, Cheptegei alirudi katika mbio hizohizo akawa bingwa. Tarehe 7 Oktoba 2020, mjini Valencia nchini Hispania, alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11. Hesabu ya mbio hizo inafundisha: kila mzunguko wa mita 400 ulimchukua kwa wastani karibu sekunde 63, tena nusu ya pili ilikuwa ya kasi kidogo kuliko ya kwanza. Kipaji kilikuwepo siku zote mbili. Kilichotofautiana ni namna nguvu zilivyogawanywa njiani.

Tuje katikati ya safari, tuseme kuanzia kilomita ya 3 hadi ya 8. Hapa furaha ya kuanza imekwisha na mwisho hauonekani. Mkimbiaji anayeuwaza umbali wote uliobaki huvunjika moyo, kwa kuwa anataka kuubeba mzigo wote kwa mara moja. Msemo wa hatua hii ni "Bandu bandu huisha gogo." Mkata kuni hauli mti mzima kwa pigo moja, huondoa kibanzi, kisha kibanzi kingine. Nanyi chagueni alama moja iliyo mbele, iwe daraja, duka au mwembe, mkimbie hadi hapo tu, kisha mchague nyingine.

Msemo huu una faida nyingine, nayo ni mdundo. Wakimbiaji wengi, wakiwa katika kasi ya wastani, huvuta pumzi kwa hatua mbili na kuitoa kwa hatua mbili. Maneno "bandu, bandu" yana silabi nne, kwa hiyo kila silabi hupata hatua yake: ban-du mkivuta, ban-du mkitoa. Msiyaseme kwa sauti, maana pumzi ni mali, yasemeni moyoni. Mkiona silabi zimeanza kuzikimbilia hatua, au pumzi imegeuka kuwa ya hatua moja moja mngali kilomita ya 5, jueni kwamba kasi imewazidi. Punguzeni mpaka mdundo urudi.

Kisha zaja kilomita mbili za mwisho. Hapa sentensi haiwezekani tena. Mtu hutoa neno moja au mawili, miguu ni mizito, na moyo unaomba ruhusa ya kutembea. Hapa ndipo pa kusema, "Maji ukiyavulia nguo yaoge." Aliyekwisha kuvua nguo ukingoni mwa mto hana sababu ya kurudi nyumbani na vumbi lake. Kwa kuwa msemo mzima ni mrefu kwa pumzi iliyobanwa, chukueni neno lake la mwisho tu: "Yaoge." Neno hilo likiwajia, inueni kifua, legezeni mabega na ngumi, fupisheni hatua kidogo na kuziharakisha. Mtu aliyechoka hupenda kurefusha hatua akidhani ataongeza kasi, kumbe mguu hutua mbele mno na kumzuia.

Ndugu zetu, hapa tunawaomba usikivu wa pekee, kwa kuwa msemo wa kujikaza una hatari yake. Uchovu ni mgeni tunayeweza kumvumilia, ila kuna wageni wengine wanaobisha mlango uleule. Uchovu wa kawaida huenea katika miguu yote miwili, nao hupungua mara mtu apunguzapo kasi. Jeraha hukaa mahali pamoja, huchoma zaidi kwa kila hatua, na humfanya mtu achechemee. Aliye na maumivu ya namna hiyo asijiambie "Yaoge". Atembee kando ya barabara. Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu, au anayesikia baridi na kutetemeka chini ya jua kali, asimame papo hapo na kuwaita wasaidizi. Nanyi mtakaokimbia karibu na mwenzenu mkimwona anayumba, au anajibu maneno yasiyoeleweka, msimpigie makofi ya kumhimiza. Mshikeni, mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwilini na kumpepea, huku mmoja wenu akikimbilia msaada. Mtu aliyezidiwa na joto mara nyingi hajijui, na huenda akadai kwamba yu mzima.

Kwa anayelazimika kuacha upo msemo pia: "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Mhunzi hutengeneza koleo jingine na moto hauzimwi. Kijana aliyeacha kwenye kilomita ya 7 kwa sababu ya goti atakimbia tena baada ya wiki chache. Aliyelilazimisha goti hilohilo hadi mstari wa mwisho huenda akakaa nje msimu mzima.

Tumalizie na pumziko, hatua ambayo wengi hawaihesabu. Msemo wake ni "Mchumia juani hulia kivulini." Wengi huusikia kama ahadi ya malipo, nasi twaomba mwusikie pia kama agizo: aliyechuma juani akae kivulini ale. Mwili haupati nguvu wakati wa kukimbia. Wakati huo huumia kidogo kidogo. Nguvu hujengwa baadaye, mtu anapokula, anapokunywa na anapolala. Anayejipa mbio kali kila siku huchuma kila siku bila kula.

Pumziko huanza pale pale kwenye mstari wa mwisho. Msisimame ghafula wala kujitupa chini. Misuli ya miguu inapokimbia husaidia kuirudisha damu juu kwenye moyo. Ikisimama ghafula damu hukaa miguuni na mtu huona giza. Tembeeni dakika 5 hadi 10, kisha ndipo mkae na kunywa maji kidogo kidogo. Siku ya pili misuli itauma, pengine kuliko siku ya kwanza, na hilo ni la kawaida. Maumivu hayo hufikia kilele kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huondoka. Katika siku hizo, atakaye kukimbia akimbie taratibu kiasi cha kuweza kusimulia hadithi bila kukatizwa na pumzi. Mbio kali zisizidi mara mbili au tatu kwa wiki, na kati yake iwepo siku ya kivuli.

Misemo hii tumeichukua kwa wazee wetu. Ninyi mnaweza kuchagua mingine, hata kwa lugha za nyumbani kwenu. Jambo moja tu tunaliomba: jifunzeni kuitumia mazoezini kabla ya siku yenyewe, kama wale wa baiskeli walivyopewa wiki mbili. Msemo usiozoewa haukumbukwi pumzi inapokuwa fupi. Kwa hiyo kuanzia kesho, katika kila zoezi, anzeni na "Kawia ufike," muingie "Bandu bandu," na mumalize na "Yaoge." Kisha mkae kivulini.

Tukutane barabarani.